Saa moja, vifungu vitatu

Sehemu ya kusoma ya mtihani wa IELTS ina vifungu 3, maswali 40 na dakika 60 tu. Vifungu huzidi kuwa vigumu, hivyo ni busara kutenga dakika 15 kwa cha kwanza, 20 kwa cha pili na 25 kwa cha tatu.

Dakika mbili za mwanzo ni za kupitia juu juu: kichwa cha habari, kisha sentensi ya kwanza ya kila aya. Pembeni mtahiniwa anaandika neno moja, kama "chanzo" au "hasara". Hiyo ndiyo ramani yake.

Kusaka ni kazi nyingine. Tuseme swali linauliza kwa nini kiwanda kilifungwa mwaka 1884. Jicho halisomi, linatafuta tarakimu hizo tu. Likizipata, linatua, na hapo sentensi ya kabla na ya baada husomwa taratibu.

Wengi huteleza kwa kusaka maneno ya kawaida. Swali likitaja "uhaba wa maji", kifungu huenda kikasema "mito ilikauka". Majina na miaka hayabadilishwi hivyo. Ndiyo ya kuanzia.