Nukta Zilizofutika

Transfoma ya amplifaya iliyo mezani kwangu ina waya nane. Nne ni za upande wa kuingiza umeme: koili mbili, kila moja ya volti 115. Nne nyingine ni za upande wa kutoa: koili mbili za volti 12. Kiwanda huigawa hivyo ili transfoma ileile itumike Marekani, koili za kuingiza zikifungwa sambamba, na itumike kwetu kwenye volti 230, zikifungwa kwa mfululizo. Zamani kila koili ilikuwa na nukta nyeusi kwenye ncha yake moja. Sasa zimefutika.

Ncha zote zenye nukta huwa chanya kwa pamoja, kisha hasi kwa pamoja, mara 50 kwa sekunde. Basi kwa mfululizo, ncha isiyo na nukta ya koili ya kwanza hufungwa na ncha yenye nukta ya koili ya pili. Ukizigeuza, usumaku wa koili moja unafuta wa nyingine, na kinachobaki kuzuia umeme ni ukinzani wa waya peke yake. Koili zenye omu 10 kila moja zitavuta ampea zaidi ya 11, ilhali transfoma hii ya volti-ampea 100 haihitaji hata nusu ampea. Utasikia mvumo mzito, kisha harufu ya vanishi inayoungua.

Nukta hizo zinatafutika. Kwanza pima omu ujue waya zipi ni jozi. Halafu chukua transfoma nyingine ndogo ya volti 12, uilishe koili moja ya kuingiza. Usiilishe ya kutoa, maana upande wa pili utapanda hadi volti 115 na kukurusha. Unganisha ncha moja ya koili hiyo na ncha yoyote ya mwenzake, kisha pima kati ya ncha mbili zilizobaki. Mita ikisoma karibu volti 24, mfululizo wako ni sahihi. Ikisoma karibu sifuri, umekutanisha nukta na nukta, au ncha mbili zisizo nayo. Geuza koili moja.

Koili za kutoa, wakati huo, zina volti moja na robo hivi kila moja. Nataka kuzifunga sambamba nipate volti 12 zenye ampea 8. Hapa mambo yanageuka: ninaunganisha ncha mbili, na kati ya mbili zilizobaki ndipo ninapotaka sifuri. Mita ikisoma volti mbili na nusu, nikafunga hivyo hivyo, umeme kamili utasukuma makumi ya ampea yakizunguka ndani ya koili zenyewe, hata kama hakuna kitu kilichounganishwa nje. Na koili zisizo na volti sawa hazifungwi sambamba kamwe, nukta ziwe sahihi namna gani.

Hata baada ya vipimo hivyo, mara ya kwanza kuiwasha kwenye 230 huwa napitisha umeme kwenye balbu ya wati 60, ile ya nyuzi. Ikimulika kidogo na kuzima, naiondoa. Ikiwaka kwa nguvu zote, nachomoa na kuanza upya na mita.