Nguzo Ianzie Sifuri

Mwenyekiti wa bodi aliinua karatasi akawaonyesha wenzake. "Hebu tazameni Juni hii," alisema. "Imeipita Januari zaidi ya mara mbili."

Ulikuwa ukurasa wa tatu wa ripoti ya nusu mwaka ya chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nikikifanyia kazi, na grafu ile niliichora mimi. Ilikuwa na nguzo sita, moja kwa kila mwezi, zilizopanda kama ngazi. Nguzo ya Juni kweli ilikuwa ndefu mara mbili na nusu kuliko ya Januari. Lakini akiba ya wanachama, nikizirahisisha tarakimu kidogo, ilikuwa imetoka shilingi milioni 940 ikafika milioni 985. Hilo ni ongezeko la asilimia 4.8. Mjumbe mmoja alikwisha kupendekeza ukomo wa mikopo upandishwe, ndipo mhasibu akaomba watu wafungue jedwali lililoambatanishwa nyuma. Niliona aibu, maana wazee wale walikuwa wameniamini.

Sikuwa nimeongeza wala kupunguza tarakimu yoyote. Tatizo lilikuwa kwenye mhimili wa wima, ule wenye vipimo upande wa kushoto. Ulianzia 910. Kutoka 910 hadi 940 ni hatua 30, na kutoka 910 hadi 985 ni hatua 75. Msomaji akitazama nguzo, jicho lake hulinganisha urefu na urefu, kwa hiyo bodi iliona 30 kwa 75 badala ya 940 kwa 985. Sehemu kubwa ya kila nguzo ilikuwa imekatwa chini, na hakuna aliyeona pale ilipokatwa.

Hata hiyo 910 sikuichagua. Excel ikiachiwa ipange mhimili yenyewe, hutazama tofauti kati ya tarakimu kubwa na ndogo. Tofauti hiyo isipofika sehemu moja ya sita ya ile kubwa, programu huiacha sifuri na kuanzia juu zaidi. Kwetu tofauti ilikuwa 45 tu kwenye 985. Ndiyo kusema grafu hupotosha zaidi pale ambapo mabadiliko ni madogo, na ripoti nyingi za kila mwezi zina mabadiliko madogo.

Edward Tufte, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1983 njia ya kupima upotoshaji wa namna hii: gawanya ongezeko linaloonekana kwenye picha kwa ongezeko lililomo kwenye tarakimu. Grafu aminifu hutoa jibu la karibu na 1. Yangu ilionyesha ongezeko la asilimia 150 mahali penye asilimia 4.8. Jibu lilikuwa 31.

Dawa yake ni fupi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya tarakimu za mhimili, chagua `Format Axis`, kisha chini ya `Bounds` andika 0 kwenye `Minimum`. Nilipofanya hivyo nguzo zote sita zilikaribia kulingana, na bosi wangu akasema sasa grafu haisemi kitu. Alikuwa na hoja. Bodi ilitaka kujua akiba inakwendaje mwezi hadi mwezi, na kwa swali hilo nguzo si chombo chake. Mwenendo huchorwa kwa mstari.

Mstari husomwa kwa mwinamo wake. Hauna mwili uliosimama juu ya sakafu, kwa hiyo unaweza kuuanzia milioni 900 bila kumkata mtu nusu ya ukweli. Hata hivyo, mwinamo nao huongezeka ukiukaza mhimili, ndiyo maana siku hizi naandika ongezeko kwenye kichwa chenyewe: "Akiba imepanda kwa asilimia 4.8 tangu Januari. Mhimili unaanzia milioni 900." Msomaji akiisoma hiyo kwanza, picha haiwezi kumpeleka mbali.

Mhimili wa chini nao una mtego wake. Ukiwa na taarifa za Januari, Februari, Machi na Juni peke yake, na miezi umeiandika kama maneno matupu, programu itaipanga kwa nafasi sawa. Miezi mitatu kati ya Machi na Juni itabanwa iwe kama mmoja, na ongezeko la taratibu litageuka mruko wa ghafla. Andika tarehe kamili kwenye jedwali, kisha chagua `Date axis`. Na wanachama wako wakiwa wakulima wa korosho, ambao minada yao huanza karibu na Oktoba, chora pia mstari wa mwaka uliopita. Bila huo utaripoti msimu ukidhani unaripoti ukuaji.

Swali la mgawanyo ni jingine kabisa: kati ya mikopo yote, kila aina imechukua kiasi gani? Hapa watu wengi hukimbilia grafu ya duara. Sina ugomvi nayo ikiwa na vipande viwili au vitatu, kwa mfano ukitaka bodi ione kwamba zaidi ya nusu ya mikopo ni ya biashara. Vikifika sita, kilimo asilimia 22 na elimu asilimia 18 huonekana karibu sawa. William Cleveland na Robert McGill walilijaribu jambo hili mwaka 1984, wakakuta kwamba watu hukadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kuliko pembe za duara. Duara lililolazwa kama sahani ni baya zaidi, kwani kipande cha mbele huvimba machoni. Kwa vipande vingi, tumia nguzo zinazoanzia sifuri.

Tena andika jumla. Kilimo kikitoka asilimia 22 ya mikopo ya milioni 500 kikaja asilimia 20 ya milioni 650, sehemu yake imepungua, ilhali fedha zake zimepanda kutoka milioni 110 hadi 130. Nimeona mkulima akiambiwa sekta yake inadorora kwa sababu ya kipande kilichonyauka.

Ukifika kwenye nafasi za matawi, zilaze nguzo ili majina yasomeke, uzipange kutoka kubwa hadi ndogo badala ya alfabeti. Excel huweka mstari wa kwanza wa jedwali chini kabisa, kwa hiyo weka alama kwenye `Categories in reverse order`. Sifuri ni lazima hapa pia, ila kosa zito huja kabla ya kuchora. Tawi la sokoni lina mikopo chechefu ya milioni 18, tawi la stendi milioni 9. Ukipanga kwa shilingi, meneja wa sokoni ndiye atakayeitwa kujieleza. Lakini sokoni wamekopesha milioni 300 na stendi milioni 75, kwa hiyo viwango ni asilimia 6 kwa asilimia 12. Meneja wa stendi ndiye wa kuitwa.

Kabla hujaituma ripoti yako, ichape, chukua rula, upime nguzo mbili. Nguzo moja ikiwa na milimita 30 na nyingine 75, tarakimu ya pili nayo iwe mara mbili na nusu ya kwanza. Isipokuwa hivyo, usiitume.