Bawaba inabeba nini?

Boriti ya bango la duka hutokeza ukutani ikiwa imelala. Upande wa ukutani imefungwa kwa bawaba, na ncha ya nje inashikwa na waya unaopanda hadi ukutani. Mvutano wa waya hufuata waya wenyewe, kwa hiyo mwelekeo wake unajulikana. Kani ya bawaba haijulikani ukubwa wala mwelekeo, na wengi hukosea hapo kwa kudhani kwamba inafuata mstari wa boriti.

Ichukuliwe boriti ya mita 2 yenye uzito wa nyutoni 120, ambayo ni sawasawa kote, hivyo uzito wake huhesabiwa katikati, mita 1 kutoka ukutani. Bango la nyutoni 80 linaning'inia kwenye ncha, palipofungwa pia waya unaofanya pembe ya nyuzi 30 na boriti.

Boriti iliyotulia haizunguki, kwa hiyo momenti za kuishusha na za kuipandisha ni sawa. Njia nyepesi ni kuzipima kutoka kwenye bawaba: kani inayopita kwenye egemeo haina momenti, na ile isiyojulikana huondoka kwenye hesabu. Uzito wa boriti hutoa 120 × 1, bango hutoa 80 × 2, jumla 280. Kwa upande wa waya, ni sehemu ya wima ya mvutano tu inayopandisha:

T × sin 30° × 2 = 280

Kwa kuwa sin 30° ni 0.5, T ni nyutoni 280, mvutano unaozidi uzito wote wa nyutoni 200. Waya ulioinama sana hulazimika kuvuta kwa nguvu ili sehemu yake ya wima itoshe. Kwa nyuzi 10, mvutano ungepita nyutoni 800.

Sasa bawaba. Waya unavuta boriti kuelekea ukutani kwa 280 × cos 30°, karibu nyutoni 242, nayo bawaba inaisukuma nje kwa kiasi hichohicho. Kwa wima waya unabeba 140, na 60 zilizobaki zinabebwa na bawaba. Kwa kanuni ya Pithagora kani yake ni karibu nyutoni 250, ikielekea juu ya mstari wa boriti kwa nyuzi 14 hivi.

Jibu hili huhakikishwa kwa kupima momenti kutoka kwenye ncha ya nje. Hapo waya na bango havina momenti, na V × 2 = 120 × 1 inatoa 60 ileile.

Waya ukifungwa katikati ya boriti kwa pembe ileile, T hufika 560 na sehemu yake ya wima 280, kuzidi uzito wote. V inakuwa −80. Alama ya kutoa si kosa la hesabu: bawaba sasa inavuta boriti chini, na boriti iliyowekwa tu juu ya kishikizo bila kufungwa kwa bolti ingenyanyuka upande wa ukutani.