Namba Mbili za Kutazama Kabla ya Kucheza Video Poka

Katika kasino za Las Vegas unaweza kukuta mashine mbili za video poka zimesimama bega kwa bega, kioo kilekile, karata zilezile, dau lilelile la senti 25, na bado moja ikamla mchezaji karibu mara sita zaidi ya mwenzake. Hakuna iliyochakachuliwa. Tofauti imeandikwa wazi mbele ya macho ya mchezaji, kwenye jedwali la malipo lililo juu ya karata, na wengi huketi na kuingiza fedha bila kulisoma.

Jedwali hilo lina thamani kwa sababu ya namna karata zinavyotolewa. Kanuni za kamari za jimbo la Nevada zinataka mashine inayoonyesha karata za kawaida izitoe kwa uwezekano uleule ambao ungekuwapo kama mtu angezichanganya mezani. Kasino haiwezi kupunguza idadi ya ree ndani ya mashine ili ipate faida zaidi. Kinachobaki mikononi mwake ni bei, yaani italipa kiasi gani kwa kila mkono unaoshinda. Kwa kuwa karata 52 zinajulikana na malipo yameandikwa, mtu yeyote mwenye subira ya hesabu anaweza kujua mashine itarudisha kiasi gani kwa muda mrefu. Mashine za magurudumu yanayozunguka haziwezi kusomwa hivyo, kwa sababu hakuna anayeona ndani ya gurudumu kuna picha ngapi za kila aina.

Tuchukue mchezo unaopatikana zaidi, ambao kwenye kioo umeandikwa JACKS OR BETTER. Unaweka dau, unapewa karata tano, unashika unazozitaka na kutupa nyingine. Zilizotupwa zinabadilishwa mara moja tu kutoka katika karata 47 zilizosalia, kisha mkono wako unalinganishwa na jedwali. Mkono mdogo kabisa unaolipa ni jozi ya J, Q, K au A, na kwa huo unarudishiwa dau lako. Jozi mbili zinalipa 2 kwa kila sarafu moja uliyoweka, karata tatu zinazofanana 3, karata tano zinazofuatana 4, na karata nne zinazofanana 25. Katika mashine nyingi za mchezo huu mistari hiyo haibadiliki. Inayobadilika ni miwili ya katikati: FLUSH, yaani karata tano za aina moja, tuseme kopa tupu, na FULL HOUSE, yaani tatu zinazofanana pamoja na jozi.

Mashine ya malipo kamili inatoa 9 kwa FULL HOUSE na 6 kwa FLUSH. Ndiyo maana wachezaji huiita tisa-sita. Kwa anayecheza bila kosa na kuweka sarafu tano kila mara, inarudisha asilimia 99.54 ya fedha zote zinazopita ndani yake. Nane-tano inarudisha asilimia 97.30. Sita-tano, ambayo siku hizi si ngeni katika kumbi zenye watalii wengi, inarudisha asilimia 95 tu.

Kupunguza 9 kuwa 8 kunaonekana jambo dogo, kwani ni sarafu moja katika mkono ambao hauji kila dakika. Lakini FULL HOUSE huja, kwa wastani, mara moja katika kila mikono 87. Maana yake kwa kila sarafu 87 ulizoweka unanyang'anywa moja, na hiyo ni asilimia 1.15 ya dau lako lote. FLUSH nayo huja mara moja katika mikono 91 hivi, kwa hiyo kushusha 6 kuwa 5 kunachukua asilimia 1.1 nyingine. Ukijumlisha mapunguzo hayo mawili unapata asilimia 2.25, na hapo ndipo ilipotoka karibu tofauti yote kati ya tisa-sita na nane-tano. Pigo linategemea mara ngapi mkono huo huja, wala si ukubwa wa namba iliyopunguzwa. Sarafu moja ikikatwa kwenye jozi mbili, ambazo huja karibu mara 13 katika kila mikono 100, hasara inakuwa karibu asilimia 13. Ikikatwa kwenye mkono wa kifalme, ule ulioandikwa ROYAL FLUSH, huwezi hata kuihisi.

Unaweza kuliona jambo hili katika mkono mmoja. Umepewa 2, 5, 7 na 9 za kopa, na karata ya tano ni 4 ya pau. Unashika kopa nne na kutupa pau. Katika karata 47 zilizosalia kuna kopa 9, na kopa ndiyo pekee itakayokupa malipo, kwani jozi yoyote utakayoipata hapo itakuwa ndogo mno. Kwenye mashine inayolipa 6, thamani ya mkono huo ni 9 mara 6 kugawa kwa 47, yaani 1.15 ya dau. Kwenye inayolipa 5 ni 0.96. Karata ni zilezile na uamuzi ni uleule, lakini mkono uliokuwa na thamani zaidi ya dau lako sasa una thamani pungufu yake, na namba moja tu kwenye kioo ndiyo iliyobadilika.

Sasa tuipeleke hesabu mfukoni. Mtu anacheza sarafu za senti 25, tano kwa mkono, yaani dola 1.25. Kwa mwendo wa mikono 600 kwa saa, ambao si wa ajabu kwa aliyezoea, anapitisha dola 750 kila saa, ingawa aliingia na dola 100 mfukoni, kwa sababu fedha zilezile zinazunguka. Kwenye tisa-sita, gharama yake ya wastani ni dola 3.45 kwa saa. Kwenye nane-tano ni dola 20.25. Mchezo ni uleule na kiti ni kilekile, ila bei imepanda karibu mara sita. Kwenye sita-tano inafika dola 37.50.

Kwa hiyo kuitambua mashine kamili kunaanza na jina la mchezo, kabla ya namba. Zipo aina nyingi, na kila moja ina jedwali lake. Mchezo uitwao BONUS POKER wenye 8 na 5 unarudisha asilimia 99.17, kwa kuwa unalipa zaidi kwa baadhi ya karata nne zinazofanana: ree nne, kwa mfano, zinalipa 80 badala ya 25. Hapo nane-tano ndiyo malipo kamili. Mtu aliyekariri namba bila jina atakimbia mashine nzuri au kukalia mbovu. Michezo mingine ya jamii hiyo inaahidi makubwa zaidi kwa karata nne, halafu inalipa 1 tu kwa jozi mbili. Ukiona hivyo, ujue ahadi ile kubwa inagharamiwa na mstari huo.

Baada ya jina, tazama safu ya sarafu moja. Katika JACKS OR BETTER tafuta 9 na 6, kisha hakikisha jozi mbili zinalipa 2, karata zinazofuatana 4 na nne zinazofanana 25. Kama mashine inaonyesha safu ya sarafu tano peke yake, namba zinazidishwa kwa tano: FULL HOUSE iwe 45, FLUSH iwe 30, nne zinazofanana 125. Ukikuta 40 na 25 katika mistari miwili ya kwanza, hiyo ni nane-tano. Na ukibadilisha thamani ya sarafu au mchezo kwenye mashine hiyohiyo, soma upya. Mashine moja huweza kubeba michezo kadhaa, ikatoa tisa-sita kwa sarafu za dola na nane-tano kwa senti 25, bila kukutangazia.

Mstari wa juu kabisa una mtego wake. ROYAL FLUSH inalipa 250 kwa kila sarafu ukiweka moja hadi nne, lakini ukiweka tano inalipa 4,000, yaani 800 kwa kila sarafu. Anayeweka moja kwenye tisa-sita anashuka hadi asilimia 98.4 hivi. Kama dau lako ni senti 25 kwa mkono, sarafu tano za senti tano zinaweza kukufaa kuliko sarafu moja ya senti 25, mradi jedwali la senti tano liwe na namba zilezile. Mara nyingi halina, kwa hiyo linganisha kabla ya kuhama.

Hata ukiipata mashine kamili, asilimia 99.54 ni ya muda mrefu sana. Mkono wa kifalme huja mara moja katika mikono 40,000 na ushei, na ndio unaobeba karibu asilimia 2 ya marejesho yote. Kwa mwendo wa mikono 600 kwa saa, wastani ni saa 67 kati ya mmoja na mwingine, na hakuna ahadi kwamba utakuja kwa zamu. Ukiutoa, mashine hiyohiyo inarudisha asilimia 97.56, kwa hiyo saa nyingi za mchezaji wa senti 25 zinamgharimu wastani wa dola 18 hivi, si 3.45. Isitoshe, hesabu hizi zote zinamhusu asiyekosea karata ya kushika. Kila kosa linaongeza gharama, na hilo jedwali halikuonyeshi.

Upo mchezo wa Nevada ambao jedwali lake kamili linapita mia. Unaitwa DEUCES WILD, karata za 2 zinasimama badala ya karata yoyote, na kwa anayecheza bila kosa unarudisha asilimia 100.76. Alama yake ni 5 kwenye mstari wa nne zinazofanana, pamoja na 3 kwa FULL HOUSE na 2 kwa FLUSH. Kwa kuwa karata za 2 zinasaidia, nne zinazofanana huja karibu mara moja katika kila mikono 15, kwa hiyo 5 ile ikishushwa kuwa 4 zinaondoka zaidi ya asilimia 6 kwa mpigo. Baadhi ya matoleo hurudisha sehemu ya hasara hiyo kwa kupandisha mistari mingine, mengine hayarudishi kitu. Mashine za 5 zimebaki chache, na kuzicheza bila kosa kunahitaji mazoezi mengi.

Njia hii ina mpaka wake pia. Katika baadhi ya kasino za makabila ya Wenyeji wa Asili wa Marekani kuna mashine zinazofanana na video poka lakini kwa ndani ni bingo, na karata zinaonyesha tu matokeo yaliyokwisha kuamuliwa na namba za bingo. Zinatambulika kwa kikaratasi cha bingo kilichochorwa pembeni mwa kioo. Hapo, na popote ambapo hakuna kanuni inayodai karata zitolewe kama za mezani, 9 na 6 hazikuambii mashine itarudisha kiasi gani.