Faini ya Siku ya Nne

Katika kampuni nyingi za programu za kompyuta, kazi humfikia programa ikiwa sentensi moja tu. Tuchukue mfano wa chama cha kuweka na kukopa kinachotaka mfumo wake uwe unatoza faini wenyewe, bila mhasibu kukaa na kalamu. Kazi imeandikwa hivi: "Mwanachama akichelewa kulipa rejesho kwa zaidi ya siku tatu, atozwe faini ya asilimia mbili." Katibu wa chama ameielewa, programa ameielewa, na mpimaji atakayeukagua mfumo kabla haujaanza kutumika ameielewa pia. Ila kila mmoja ameelewa lake.

Tuiweke sentensi hiyo kwenye hesabu. Rejesho la mwezi ni shilingi 50,000 na tarehe ya mwisho ni 10 Machi. Mwanachama amelipa 30,000 tarehe 9, zimebaki 20,000, kisha kimya. Programa anasoma "asilimia mbili" na kuichukua kwenye rejesho lote, hivyo mfumo wake unatoza shilingi 1,000. Mpimaji anaona haki ni kutoza kilichobaki tu, kwa hiyo anatarajia 400. Zile siku tatu nazo zina utata wake. Ukianza kuhesabu na tarehe 10 yenyewe, muda unaisha tarehe 12 na faini inaingia tarehe 13. Ukianza kesho yake, faini ni ya tarehe 14. Ndani ya sentensi ile hakuna neno linalomkosoa yeyote kati yao.

Kinachofuata wanakijua wote waliofanya kazi hii. Mpimaji anairudisha kazi akisema ina kasoro. Programa anajibu kwamba ametengeneza kilichoandikwa. Wanabishana siku nzima, kisha anashinda mwenye cheo au mwenye sauti. Katibu, ambaye sheria za mikopo za chama zimo kwenye faili mezani kwake, hajapigiwa hata simu.

Dawa yake ni vigezo vya kukubalika, yaani masharti yanayoandikwa ndani ya maelezo ya kazi kabla haijaanza, yakisema ni matokeo gani yakionekana kazi itahesabiwa imekwisha. Wazo hili si geni. Mwaka 2001 Ron Jeffries, mmoja wa waasisi wa mtindo wa kutengeneza programu uitwao XP, alieleza kwamba ombi la mteja lina sehemu tatu: kadi lilikoandikwa, mazungumzo kuhusu kadi hiyo, na uthibitisho kwamba lililoombwa ndilo lililofanyika. Timu nyingi zina kadi. Mazungumzo nayo hufanyika, lau kwenye korido. Uthibitisho ndio huachwa hadi siku ya kukabidhi, wakati kila mtu ameshachoka.

Baada ya katibu kuulizwa, kazi yetu ingeweza kuandikwa hivi:

Mfano: rejesho ni sh 50,000, tarehe ya mwisho 10 Machi. Saa zote ni za Afrika Mashariki, kwa mtindo wa saa 24.

1. Akimaliza kulipa kabla ya 14 Machi saa 00:00, hakuna faini.

2. Ikifika 14 Machi saa 00:00 na bado anadaiwa sh 20,000, faini ni sh 400, yaani asilimia 2 ya kilichobaki.

3. Faini hutozwa mara moja kwa kila rejesho. Asipolipa hadi 30 Machi, inabaki sh 400 ile ile.

4. Faini yenye senti hushushwa hadi shilingi kamili: 666.66 inakuwa 666.

5. Kumtumia mwanachama meseji ya kumkumbusha hakumo katika kazi hii.

Kila mstari una jibu la ndiyo au hapana, na tarehe na fedha zinazoweza kuingizwa kwenye mfumo zikaonekana. Hakuna "ipasavyo" wala "kwa wakati", maneno ambayo kila msomaji huyajaza kwa kipimo chake. Pia hakuna mstari unaomwambia programa namna ya kuitengeneza hesabu hiyo. Hilo ni lake. Mstari wa tano huonekana kama wa ziada, lakini bila huo mpimaji mwenye bidii ataikataa kazi kwa kukosa meseji ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwa nini saa 24? Kwa sababu sisi husema saa sita usiku na kompyuta huandika 00:00, na mtu akiandika "usiku wa tarehe 13" hujui kama ni usiku wa kuamkia tarehe 13 au ule unaoifuata. Na kwa nini tutaje Afrika Mashariki? Seva nyingi huwekwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mwanachama akilipa tarehe 14 saa 00:30, seva inaandika tarehe 13 saa 21:30, na aliyechelewa anahesabiwa kuwa amewahi. Kasoro ya namna hii huwezi kuiona ukipima mchana, maana mchana tarehe za pande zote mbili hulingana. Mpimaji ataitafuta pale tu sharti linapomtuma kwenye zile saa tatu za baada ya usiku wa manane.

Utajuaje kama maelezo yako yanasomeka sawasawa? Ipo njia rahisi ambayo naiona bora kuliko mikutano mirefu. Kabla ya kuandikwa hata mstari mmoja wa programu, chagua matukio machache ya mipakani: amelipa tarehe 13 jioni, amelipa tarehe 14 alfajiri, amebakiza 20,000, hajalipa kabisa. Mpe programa, mpe na mpimaji, kila mmoja aandike peke yake faini itakuwa shilingi ngapi. Kisha linganisha. Majibu yakitofautiana, kosa si la msomaji yeyote. Maelezo ndiyo hayajakamilika, na swali liende kwa katibu.

Usiongeze masharti hadi yafike thelathini. Kazi inayohitaji masharti mengi kiasi hicho kwa kawaida ni kazi mbili au tatu zilizofungwa pamoja, na afadhali zigawanywe. Tena kuna mambo yasiyoandikika vizuri kwa namna hii, kama ukurasa kupendeza machoni. Hayo yanahitaji mchoro na mtu wa kuuangalia.

Masharti yenyewe huchakaa pia. Katikati ya wiki katibu anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mkutano umeamua faini ichukuliwe kwenye rejesho lote. Programa yumo kwenye kundi, anabadilisha. Mpimaji hayumo, anapima kwa 400, na ubishi ule wa mwanzo unarudi. Uamuzi wowote uhamishiwe kwenye maelezo ya kazi siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe na aliyeuamua, na mstari wa pili na wa tatu isomeke sh 1,000.

Hata hivyo mpimaji mzuri atakuta tukio ambalo hakuna aliyeliwaza. Mwanachama ametuma fedha kwa simu tarehe 13 saa 23:58, lakini taarifa ya malipo imeufikia mfumo saa 00:03. Je, amechelewa? Mpimaji asiiandike kuwa kasoro, na programa asijiamulie. Wamuulize katibu: chama kinahesabu saa ya kutuma au saa ya kupokea? Akijibu saa ya kutuma, sharti la sita linaandikwa, na programa anahakikisha kwamba saa hiyo imo kwenye taarifa inayoletwa na kampuni ya simu.