Dagaa walionyeshewa na mvua wahesabiwe kwa bei gani?

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hukopeshwa na Halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na vingi hufunga hesabu mwishoni mwa mwaka ili kugawana faida. Faida hiyo hutegemea tarakimu moja ambayo mara nyingi huandikwa kwa haraka, nayo ni thamani ya bidhaa zilizobaki stoo. Ikizidishwa, wanachama hugawana fedha ambazo hazipo, na rejesho la mkopo hukwama miezi michache baadaye.

Tuseme kikundi cha Buzuruga kinauza dagaa wakavu. Tarehe 31 Desemba daftari la stoo linaonesha kilo 900, na kila kilo iligharimu shilingi 5,000 pamoja na usafiri wa kuifikisha stoo. Siku ya kuhesabu, mauzo husimama. Wapimaji ni wawili, na mmoja wao si mtunza stoo. Karatasi yao haioneshi idadi ya daftari, kwa kuwa ajuaye jibu hupima hadi alifikie. Mizani inatoa kilo 860.

Pengo la kilo 40 halipaswi kuitwa hasara siku hiyohiyo. Kwanza hutazamwa stakabadhi za siku za mwisho, kisha mizani yenyewe. Hapa inaonekana kwamba kilo 15 zilichukuliwa na mteja kwa mkopo tarehe 30, lakini hazikuandikwa. Hizo ni mauzo, na mteja anadaiwa. Kilo 25 zilizobaki hazina maelezo. Huenda dagaa walizidi kukauka wakapungua uzito, au walipimwa kwa mkono mwepesi wakati wa kuuza, au waliibwa. Kwa vyovyote vile hawapo, hivyo shilingi 125,000 hufutwa kwenye daftari la stoo na kuandikwa katika gharama za mwaka. Upungufu ukijirudia kila hesabu kwa kiasi kilekile, sababu yake huenda ni ukaukaji au mizani. Ukiruka ghafla, funguo za stoo ndizo za kuulizwa.

Kilo 860 zilizopo nazo hazilingani kwa thamani. Paa lilivuja, kilo 100 zikalowa na kubadilika rangi. Mlaji hawataki tena, ila mtengenezaji wa chakula cha kuku yuko tayari kulipa shilingi 3,000 kwa kilo. Magunia mapya na usafiri wa kumpelekea vitagharimu shilingi 200 kwa kilo, kwa hiyo kitakachoingia mfukoni ni 2,800. Hiyo ndiyo thamani halisi inayoweza kupatikana, yaani bei ya kuuzia baada ya kutoa gharama za kuikamilisha na kuiuza bidhaa. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinataka bidhaa iandikwe kwa gharama yake au kwa thamani hii, ile iliyo ndogo. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, nayo hulinganisha gharama na bei ya soko kwa namna hiyo katika bidhaa za kufungia mwaka. Basi kila kilo hushushwa kwa shilingi 2,200, jumla 220,000. Kilo 10 nyingine zimeota ukungu. Hazifai kwa mtu wala kwa kuku, na thamani yake ni sifuri. Hapo zinaondoka shilingi 50,000.

Kilo 750 nzima hubaki kwa shilingi 5,000, hata kama sokoni zinauzwa 6,500, kwa sababu faida haihesabiwi kabla ya kuuza. Hapa ndipo vikundi vingi vingeweza kuteleza. Mtu hujumlisha stoo yote, akaona kwamba dagaa wazuri peke yao watauzwa kwa shilingi 4,875,000, zaidi ya gharama ya mzigo mzima, akahitimisha kuwa hakuna hasara. Ulinganisho huo hufanywa kwa kila aina ya bidhaa, si kwa stoo nzima. La sivyo dagaa wazuri huwaficha waliooza.

Baada ya kuandika yale mauzo ya mkopo, daftari lilikuwa na shilingi 4,425,000. Stoo halisi ni 4,030,000. Tofauti ya 395,000 ni upungufu na uharibifu kwa pamoja, lakini huandikwa katika mistari miwili: wa kwanza unamhusu mtunza stoo na mizani, wa pili unahusu paa. Kila mstari huambatana na karatasi ya hesabu yenye saini za wapimaji, na bei ya 3,000 huambatana na maandishi ya mnunuzi, si makisio ya mwenyekiti.

Dagaa waliolowa wakiuzwa Januari kwa bei hiyohiyo, mwaka mpya hautaona faida wala hasara juu yao. Wakiwa bado stoo wakati wa kufunga hesabu inayofuata, na bei ya chakula cha kuku imepanda, thamani yao hupandishwa tena, lakini kamwe haivuki zile shilingi 5,000 za mwanzo.