Mbunge wa Viti Maalum Huwajibika kwa Nani?

Tarehe 24 Novemba 2020, jijini Dodoma, wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum wakiongozwa na Halima Mdee, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake wa chama hicho, BAWACHA. Viongozi wa chama walisema hawajapeleka jina la mtu yeyote. Siku chache baadaye wanawake hao wakavuliwa uanachama, na kwa miaka iliyofuata nchi ikajadili kama wana haki ya kukaa bungeni. Walikata rufaa ndani ya chama, wakaenda mahakamani, na wakati wote huo wakaendelea kuhudhuria vikao.

Mjadala ule ulikuwa mkali, lakini kuna swali moja halikuulizwa: wapigakura wao wanasemaje? Halikuulizwa kwa sababu halikuwa na wa kulijibu. Mbunge wa jimbo akigombana na chama chake, wananchi waliompa kura wanajulikana walipo. Mbunge wa viti maalum hana karatasi ya kura iliyowahi kuwa na jina lake. Waliompeleka Dodoma ni wajumbe wa mkutano wa chama, na jina lake lilipelekwa Tume ya Uchaguzi likiwa kwenye orodha.

Ili kuelewa ugomvi wa namna hiyo, ni vizuri kuanza na hesabu yenyewe. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Ibara ya 78 inaeleza namna ya kuwapata: viti hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali zote za ubunge. Kinachohesabiwa ni kura, wala si majimbo. Tuseme viti vya kugawa ni 100 na vyama vilivyovuka kiwango hicho ni viwili tu. Chama kilichopata robo tatu ya kura za vyama hivyo viwili kitapewa viti 75, na chenye robo kitapewa 25, hata kama hakikushinda jimbo lolote.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020. CHADEMA ilitangazwa kushinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini kura zake za nchi nzima zikaipatia viti maalum 19, na CCM ikapata 94. ACT-Wazalendo ilikuwa na wabunge wanne wa majimbo, wote kutoka Zanzibar, ila kwa kuwa kura zake hazikufika asilimia 5, haikupata hata kiti kimoja cha wanawake.

Hesabu ikishamalizika, kazi inarudi kwa vyama. Ndani ya CCM, mwanamke anayetaka kiti huanzia kwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ambako wajumbe wa mkoa wake hupiga kura ya kupanga washindi. Kuna pia nafasi zinazopitia makundi mengine, kama vijana na watu wenye ulemavu. Majina hupanda hadi vikao vya taifa, na huko ndiko uamuzi wa mwisho unakofanyika. Vyama vingine vina taratibu zao, lakini mkondo ni huohuo: kwanza wajumbe, kisha viongozi, kisha Tume.

Viti hivi havikuja kwa bahati. Vilianza mwaka 1985, enzi ya chama kimoja, vikiwa 15 tu. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, Katiba ikaweka kiwango cha asilimia 15 kwa uchaguzi wa 1995, kikapanda hadi 20 mwaka 2000 na 30 mwaka 2005. Msukumo ulitoka ndani na nje ya nchi. Mwaka 1995 ulifanyika mkutano wa wanawake wa Beijing, na mwaka 1997 wakuu wa nchi za SADC walikubaliana kuwa ifikapo 2005 wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi.

Sababu ya kuviweka inaonekana wazi ukitazama majimbo. Mwaka 2020, miaka 35 baada ya viti vya kwanza, wanawake walioshinda ubunge wa jimbo hawakufika 30, na majimbo yalikuwa 264. Ukiviondoa viti maalum, Bunge hilo linabaki na takribani mwanamke mmoja katika kila wabunge kumi wa majimbo. Mlango wa jimbo una vizuizi vingi, na vingi vinakutana mapema, kwenye kura za maoni za chama. Mgombea anahitaji usafiri wa kuzunguka kata zote, fedha za kuwalipa wapambe na muda wa kukaa nje ya nyumba kwa majuma. Mwanamke asiyemiliki ardhi wala biashara kubwa anaanza nyuma. Akisafiri usiku na wanaume wa kampeni, yanasemwa maneno ambayo mgombea mwanamume hayasikii kamwe. Na akishinda kura za maoni, bado vikao vya juu vinaweza kumteua mwingine.

Kwa watetezi wake, viti maalum ni shule ya siasa, na wanao mfano ambao hakuna anayeweza kuupuuza. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kupitia viti maalum, akawa waziri, na mwaka 2010 akagombea na kushinda jimbo la Makunduchi. Miaka mitano baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Halima Mdee mwenyewe alianza na viti maalum mwaka 2005, kisha akalichukua jimbo la Kawe mwaka 2010. Ester Bulaya aliingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalum vya CCM, akahamia CHADEMA, na mwaka 2015 akamshinda mkongwe Stephen Wasira katika Bunda Mjini. Hata lile jimbo moja la CHADEMA mwaka 2020 lilichukuliwa na mwanamke, Aida Khenani, aliyekuwa ametoka viti maalum.

Wasingeonekana na wapigakura, wasingejifunza kanuni za Bunge wala kuzoea jukwaa, njia hiyo ingekuwa ndefu zaidi. Kuna hoja ya pili, nayo inahusu yanayozungumzwa bungeni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoongeza makali ya adhabu za ubakaji, ilisukumwa na wanaharakati wakiwemo TAMWA pamoja na wabunge wanawake. Idadi yao ilipoongezeka, mambo ya namna hiyo hayakuhitaji tena kusubiri huruma ya mtu mwingine kuyasemea.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na wengi wao ni wanawake. Ya kwanza ni hadhi. Mbunge wa viti maalum analipwa sawa na mwenzake, lakini Mfuko wa Jimbo, unaojenga vyoo vya shule na kununua mabati ya zahanati, uko chini ya mbunge wa jimbo. Kwa mujibu wa Katiba, Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo mbunge wa viti maalum hawezi kuteuliwa hata akiwa hodari kuliko wote. Mtaani viti hivyo huitwa vya upendeleo, na jina hilo humfuata mwanamke hata anapochangia hoja ya bajeti.

Ya pili ni kwamba kinga imegeuka uzio. Mwanamke akichukua fomu ya jimbo, huambiwa na wenzake wa chama: dada, nyinyi mna viti vyenu, huku tuachie sisi. Wengine hukaa kwenye viti maalum vipindi viwili, vitatu, hata zaidi, bila kujaribu jimbo, na wanaotaka kujifunza siasa hawapati nafasi. Ndiyo maana wazo la kuweka ukomo wa vipindi hurudi kila baada ya uchaguzi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi. Wapigakura wakiwa mamia machache ya wajumbe wanaofahamika kwa majina, ni rahisi kuwanunua. Na jina likihitaji baraka za viongozi wachache, mgombea yuko mikononi mwao, hali inayofungua njia ya fedha na ya rushwa ya ngono. Akishapata kiti, anajua nani anaweza kumwondoa kwenye orodha ijayo. Anapotaka kuipinga serikali ya chama chake kuhusu maji au pembejeo, mwenzake wa jimbo anaweza kujitetea kwa jina la wananchi waliomtuma. Yeye atajitetea kwa jina la nani?

Kenya ilijaribu njia nyingine. Katiba ya 2010 iliweka nafasi 47 za wanawake katika Bunge la Taifa, moja kwa kila kaunti, na wanaochagua ni wapigakura wote wa kaunti hiyo, wanawake kwa wanaume. Kura hiyo imezaa wanasiasa wenye mizizi. Aisha Jumwa alitoka uwakilishi wa wanawake wa Kilifi akashinda jimbo la Malindi mwaka 2017. Gladys Wanga wa Homa Bay na Kawira Mwangaza wa Meru walitoka nafasi hiyohiyo wakawa magavana mwaka 2022. Hata hivyo, mgombea wa kaunti anazunguka eneo kubwa kama la seneta, kwa gharama inayolingana na ukubwa huo. Wala majimbo hayajafunguka sana: mwaka 2022 wanawake 29 tu walishinda kati ya majimbo 290. Kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ilikuwa bado haijatekelezwa bungeni, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Kuna mfano wa karibu kuliko Kenya, nao ni kijiji cha Tanzania. Katika halmashauri za wilaya na miji, madiwani wa viti maalum hupatikana kwa orodha za vyama, kama wabunge. Lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa, mwanakijiji hupewa karatasi ya kuchagua wajumbe wa kundi mchanganyiko na nyingine ya kundi la wanawake. Viti vimetengwa, ushindani ni wa wanawake kwa wanawake, na anayeamua ni jirani anayejua nani alisimamia vizuri mradi wa kisima.

Kupeleka kura hiyo bungeni si wazo geni. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kuondoa viti maalum na kila eneo la uchaguzi kutoa wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakichaguliwa na wananchi. Bunge Maalum la mwaka 2014 lilibadili mengi katika rasimu hiyo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa bila kufanyika hadi leo.

Kwa hiyo Ibara ya 66 na ya 78 zinaendelea kutumika. Kuzibadili kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na miongoni mwa watakaopiga kura hiyo wamo wanawake zaidi ya 100 walioingia kwa orodha za vyama. Wao wanaujua mfumo huu kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote, na idadi yao inatosha kulipeleka suala hili mbele au kulikwamisha.